Ratiba ya safari kwa Kiswahili: saa ngapi, umbali gani, na bei inalipia nini

Swali: Nimepewa ratiba ya Kiingereza ya siku 3, Arusha–Ngorongoro–Serengeti, niiweke kwa Kiswahili kwa ajili ya watalii wa ndani. Saa niziache kama zilivyo au nizigeuze? Na ile sehemu ya vilivyomo na visivyomo kwenye bei niiandikeje ili mteja na kampuni wasije wakagombana?

Jibu: Zigeuze zote, kisha kando ya kila saa weka tarakimu za saa 24 kwenye mabano, hivi: "saa 12:00 asubuhi (06:00)". Mteja anasoma ya kwanza, dereva na ofisi wanahakiki kwa ya pili. Ukiweka moja tu, kuna mtu atakayekosea.

Hesabu yenyewe ni ya kuongeza au kutoa 6, hiyo unaijua. Hatari ni ile saa uliyoisahau. Saa nyingi zisizogeuzwa hujitangaza zenyewe: ukikuta "saa 2 mchana" au "saa 6 jioni" kwenye rasimu yako, sikio linakataa papo hapo, kwa sababu hakuna mtu anayesema hivyo. Zinazoua ni zile zinazobaki na maana. Saa 5:00 ya Kizungu, kabla jua halijachomoza, ikiachwa "saa 5 asubuhi" inasomeka vizuri kabisa, ila sasa ni 11:00, na gari limeondoka zamani. Kinyume chake, 11:00 ikiachwa "saa 11 asubuhi" inamwamsha mtu gizani bure. Chakula cha usiku cha 20:00 kikiandikwa "saa 8 usiku" ni cha saa ambayo jiko limelala. Kwa hiyo usihakiki kwa sikio peke yake. Pitia rasimu ukitazama mabano tu, ukilinganisha na asili, halafu upitie mara ya pili ukitazama kama mabano na maneno yanaafikiana.

Saa za usiku wa manane zina mtego wao. Mgeni anayetua 00:45 Jumamosi tarehe 14 anatua saa 6:45 usiku, lakini ukiandika "Jumamosi saa 6:45 usiku" watu watakwenda kumpokea Jumamosi usiku, yaani takriban saa 24 baadaye. Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 14, saa 6:45 (00:45)". Ni ndefu, lakini haina njia mbili.

Halafu kuna neno "saa" lenyewe, ambalo kwetu ni wakati na pia ni muda. Tazama sentensi hii ya siku ya 2, jinsi inavyotoka kwa mtafsiri mwenye haraka:

"Baada ya kifungua kinywa tutashuka kreta, utaona simba na faru, kisha tutaendesha hadi Seronera kati ya saa 3 na 4."

Mteja amesoma kwamba atakuwa Seronera saa 3 au saa 4, na hajui kama ni za asubuhi au za usiku. Asili ilikuwa inataja urefu wa mwendo. Madereva hukwepa tatizo kwa kusema "masaa", na kwa mdomo inatosha, ila wahariri wengi watakufutia. Dawa ni kutanguliza "mwendo wa" au "muda wa" kila mara. Kosa la pili humo ni "utaona", ambalo kwa Kiswahili ni ahadi. Asili ilisema kuna nafasi ya kuwaona, na faru wa kreta si wanyama wa kuahidiwa. La tatu, "tutaendesha" inamfanya mteja ashike usukani. Mimi ningeiandika hivi:

"Saa 12:00 asubuhi (06:00) tunaondoka Karatu. Tunashuka kreta ya Ngorongoro, ambamo simba huonekana mara kwa mara na faru kwa bahati. Chakula cha mchana ni cha kubeba, tutakila humo humo kretani. Saa 7:30 mchana (13:30) tunaanza safari ya Seronera, mwendo wa muda wa saa 3 hadi 4, barabara ya vumbi."

Hilo la vumbi nimeliongeza kwa makusudi, kama kampuni itakubali. Kilomita peke yake hazimwambii mtu kitu: kutoka Arusha hadi lango la Loduare ni lami, ukishavuka lango ni vumbi na mashimo, na kilomita zile zile zinakula muda zaidi. Asili ikitumia maili au futi, geuza kisha uviringe. Kina cha kreta kilichotajwa kama "futi 2,000 hivi" kiwe "mita 600 hivi", si "mita 609.6", kwa kuwa mwandishi wa mwanzo naye alikuwa anakadiria.

Muda una uzito mwingine Serengeti, kwa sababu kibali cha kuingia huhesabiwa kwa muda wa saa 24. Gari likipita lango la Naabi saa 9:30 alasiri (15:30), kesho yake saa hiyo hiyo liwe limeshatoka, la sivyo kuna malipo mengine. Ukitafsiri "kibali cha siku moja", mteja ataona ana haki ya kuzunguka mpaka jioni ya siku ya 3.

Sasa bei. Usitumie vichwa "Yaliyojumuishwa" na "Yasiyojumuishwa". Kwenye simu vinafanana, na msomaji mwenye haraka huvichanganya. Andika "Bei hii inalipia" na "Utajilipia mwenyewe".

Kwenye viingilio, angalia mamlaka. Ngorongoro si hifadhi ya taifa. Iko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, wakati Serengeti iko chini ya TANAPA. Ukiandika "viingilio vya hifadhi za taifa", umeiacha Ngorongoro nje, pamoja na ada ya gari kushuka kreta, ambayo hutozwa peke yake. Zitaje moja moja. Taja pia bei ni ya nani, maana raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkaazi na mgeni asiye mkaazi hawalipi kiingilio sawa.

Milo ihesabu. Safari inayoanza Arusha baada ya kifungua kinywa cha siku ya 1 na kurudi jioni ya siku ya 3 ina milo 7: miwili siku ya kwanza, mitatu ya pili, miwili ya tatu. "Milo mitatu kwa siku" ni 9, na mteja ataidai ile miwili. "Vinywaji" nalo livunje: maji ya kunywa garini yamo, soda na bia hotelini hazimo, kama ndivyo asili inavyosema. Isiposema, uliza kampuni, usikisie.

Bei ya "kila mtu, wawili chumba kimoja" iandikwe kwa maneno hayo hayo, na chini yake nyongeza ya anayelala peke yake. Bahashishi iandikwe "bahashishi kwa dereva na mpishi, kwa hiari yako". Nimeona ratiba ikisema "malipo ya dereva hayamo", na wateja wakafika na hoja kwamba kampuni hailipi watu wake. Puto nalo, kama ni la anayetaka, lisikae ndani ya maelezo ya siku kama "asubuhi tutapanda puto". Lipeleke chini ya "Utajilipia mwenyewe", na kwenye siku husika uandike tu kwamba anayelitaka aagize kabla ya safari.