Ukiona 1500001 kwenye JSON, rudi kwenye picha

Vijana wapya wa kugeuza picha za fomu kuwa JSON, karibuni, ila naona mmeshaanza. Wiki hii nimefungua rundo la fomu za michango zilizopigwa picha Mbagala, nikakuta mwanachama mmoja kachangia shilingi milioni moja, laki tano na shilingi moja. Hiyo shilingi moja kaitoa wapi, jamani?

1. Kiasi. Mtu wa Dar haandiki 150,000 akaishia hapo. Anaandika 150,000/= au 150,000/-, na ule mkwaju una kazi yake: unamzuia mjanja asiongeze sifuri mwishoni mwa tarakimu. Sasa mkwaju wa kalamu, hasa wa mtu anayeuandika wima wima, kwenye picha ya simu unasomeka kuwa 1. Programu ya kusoma picha inawarudishia `150,0001=`. Kisha nanyi mnapitisha mstari wenu mpendwa:

```python
int(re.sub(r"\D", "", s))
```

Koma imeondoka, alama ya sawasawa imeondoka, imebaki 1500001. Hakuna kosa lililolalamika. Ni namba kamili, JSON ni halali, ukaguzi wa muundo unapita, na nyie mnakwenda kula chipsi mayai. Mstari huohuo ukikutana na 150,000.00 unatoa milioni kumi na tano.

Hapa ofisini kosa hili liliwahi kupita rundo zima, tukalijua pale tu mweka hazina wa kikundi alipojumlisha daftari lake kwa mkono na jumla yetu ikawa imeizidi yake mbali. Yule mama alikuwa na kikokotoo cha dukani, sisi tulikuwa na kompyuta. Tukapanga safu ya kiasi, tukachuja zinazoishia na 1, zikajitokeza zote: karibu kila moja ilikuwa kiasi halisi mara kumi, ukiongeza moja. Mmoja wenu wa zamani akataka aandike amri ya kukata 1 ya mwisho kote. Tukamkatalia. Kwenye picha moja kunjo la karatasi lilikuwa limepita juu ya tarakimu ya mwanzo, kwa hiyo ukikata 1 unabaki na namba safi kabisa ambayo nayo si ya kweli.

Dawa ni utaratibu. Kwanza hifadhi kilichosomwa jinsi kilivyo, bila kukigusa. Pili, ondoa mkia `/=` au `/-`, na `.00` kama ipo. Tatu, kabla hujafuta koma, zihoji: baada ya kila koma lazima ziwe tarakimu tatu, si nne. `150,0001=` inaangukia hapo hapo. Kilichoanguka kinakuwa `null` na kinakwenda kwa mtu aangalie picha. Msiweke 0, 0 maana yake hakulipa, `null` maana yake hatujajua.

```json
{
  "kiasi_ghafi": "150,0001=",
  "kiasi": null,
  "kiasi_maneno": "laki moja na nusu",
  "tarehe_ghafi": "03/04/2024",
  "tarehe": "2024-04-03",
  "hakiki": true
}
```

Anayehakiki asome na kiasi kwa maneno, ndiyo sababu fomu ikawa nacho. Mkiamua kukigeuza kwa programu, kumbukeni nusu ni ya kile kilichotangulia: laki moja na nusu ni 150000, milioni moja na nusu ni 1500000.

2. Tarehe. `dateutil` msipoiambia `dayfirst=True` inaanza na mwezi, kama Wamarekani, kwa hiyo 03/04/2024 inageuka tarehe 4 Machi. Uchungu wake ni kwamba 13/04/2024 inaisoma sawa, maana hakuna mwezi wa 13, na wewe ukijaribu kwa fomu hiyo moja unajiona umemaliza. Mkitaka kuijua, chukueni fomu za Aprili tupu: za tarehe 1 hadi 12 zitatawanyika Januari mpaka Desemba, na zote zitasema ni siku ya 4. Mwaka ukiwa huu tulionao, baadhi huenda zikawa za mbele ya leo.

3. Majina. Juma Hamisi na Hamisi Juma ni watu wawili, kwa hiyo jina liwe sehemu moja, kama lilivyoandikwa, bila kubahatisha lipi la ukoo.

4. Namba ya simu ni maandishi, ndani ya alama za kunukuu, la sivyo 0 ya mwanzo inapotea.

5. Anayepiga picha asogee dirishani. Kivuli cha simu yake kinakaa juu ya kiasi kila siku, na akiambiwa anasema karatasi ni chafu.