Silabasi isubiri kidogo

*Swali la wiki: "Mhadhara wa kwanza wa muhula uanze na nini, ili wanafunzi waelewe wanachotakiwa kufanya na pia watamani kurudi wiki inayofuata?"*

Kwangu swali gumu hutangulia, masharti hufuata. Nafundisha utangulizi wa elimu ya nyota kwa mwaka wa kwanza, na salamu zikiisha naandika ubaoni: Kwa nini usiku kuna giza? Kila mmoja aandike jibu lake kwenye karatasi, kimya, kabla hajasikia la jirani. Hatua hiyo siiruki kamwe, maana bila hiyo darasa zima hufuata kauli ya yule aliyewahi kunyoosha mkono.

Karibu wote huandika kwamba jua limezama. Sawa, nawaambia, jua moja limezama. Je, yale mengine yote? Kisha nawaomba tukubaliane kwa muda kwamba ulimwengu hauna mwisho wala mwanzo, na kwamba nyota zimetapakaa humo kwa usawa. Tuugawe katika matabaka yanayotuzunguka, moja nje ya jingine kama maganda ya kitunguu, yote ya unene mmoja. Tabaka lililo mbali mara mbili ya lile la karibu lina eneo mara nne, kwa hiyo lina nyota mara nne. Lakini mwanga wa kila nyota ya huko hutufikia ukiwa robo tu. Nne mara robo ni moja: la mbali linatuletea mwanga sawasawa na la karibu. Sasa jumlisha matabaka yasiyo na mwisho. Popote utakapotazama, jicho litaishia kwenye uso wa nyota fulani, na anga lote litawaka kama uso wa jua, usiku na mchana.

Hapo ukumbi huchangamka. Nawapa dakika chache wabishane wawili wawili. Atatokea wa kusema nyota ziko mbali mno, na wenzake watamwonyesha kwamba umbali tumeshauhesabu. Mwingine atasema vumbi la angani linazuia mwanga. Hili ndilo kosa zuri kuliko yote, kwa sababu linasikika kama jibu. Namuuliza: vumbi likipokea mwanga huo bila kukoma, litakuwaje? Litapata joto mpaka nalo liwake kama nyota zenyewe. Kisha nawaambia kwamba Heinrich Olbers, daktari na mwananyota wa Kijerumani ambaye fumbo hili linaitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1823 jibu linalokaribiana sana na hilo la vumbi. Mwananyota Johannes Kepler alikuwa amekwisha kuligusa fumbo lenyewe mwaka 1610.

Jibu silitoi siku hiyo, hata wakiniomba. Wasomaji hawatanisubiri muhula mzima, kwa hiyo nalisema hapa: ulimwengu una umri, takriban miaka bilioni 13.8, na mwanga una mwendo wake. Nyota hazijawaka muda wa kutosha kulijaza anga, na mwanga wa mbali zaidi bado uko njiani. Kutanuka kwa ulimwengu nako hudhoofisha mwanga unaofika. Na kwa maana moja anga linang'aa kweli kila upande, ila kwa mawimbi ya mikrowevu ambayo macho hayaoni. Yaligunduliwa mwaka 1965.

Sasa ndipo nagawa mwongozo wa kozi, na kila mada ndani yake inaonekana ina kazi: mwendo wa mwanga, umri wa nyota, kutanuka kwa ulimwengu. Masharti nayo yanaeleweka bila kuhubiri. Nikisema katika mazoezi hoja ina alama nyingi kuliko jibu la mwisho, wamekwisha ona kwa nini: "jua limezama" ni kweli, na halikumfikisha mtu popote. Tarehe za kazi, adhabu ya kuchelewa na mgawanyo wa alama nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa zimeandikwa. Muda nautumia kuwaonyesha karatasi moja ya hoja nzuri na moja dhaifu, bila majina.

Mambo yanayoharibu utaratibu huu ni mawili. La kwanza ni mwalimu kushindwa kuvumilia ukimya akajibu mwenyewe. Utalijua kwa kuwa kalamu zote huanza kunakili na ubishi hufa. La pili ni mwanafunzi aliyekwisha kulisoma jibu. Huyo simnyamazishi. Namwambia asitaje umri wa ulimwengu kwanza, bali awaeleze wenzake kwa nini hoja ya vumbi inaanguka. Mara nyingi hukwama hapo, kwa kuwa alikariri hitimisho bila njia yake, na jirani ambaye hakuwahi kulisikia fumbo hilo humsaidia kumalizia.