Makala ya maneno 3,000 ibaki 1,500: nilivyochagua cha kubakiza

*"Wakuu, mhariri wa jarida kanirudishia makala yangu anataka nusu tu. Nimepunguza sentensi siku mbili nzima, bado iko mbali. Nianze kutoa nini?"*

Mkuu, acha kwanza kupunguza sentensi. Mimi nilifanya hivyohivyo na makala yangu ya kilimo cha mwani Zanzibar. Nikafuta maneno hapa na pale kutoka 3,000 hadi 2,400, halafu nikakwama. Kila kitu kilikuwepo, ila kimekauka kama mwani wenyewe juu ya jamvi.

Nikarudi kwenye nakala ya mwanzo, nikaichapa kwenye karatasi, na juu yake nikaandika sentensi moja: makala hii inasema nini? Ikanichukua jioni nzima. Mwisho nikapata hii: kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto, na mwanamke asiye na chombo wala asiyejua kuogelea anabaki na spinosamu, mwani wa bei ya chini. Kisha pembeni ya kila sehemu nikaandika inaifanyia kazi gani sentensi hiyo.

Hapo ndipo panauma. Utangulizi wangu, maneno 300 ya alfajiri ya Paje, ulikuwa mzuri kweli, lakini haukuwa na kazi. Nikautoa wote, nikaanzia kwenye kamba yenye matawi ya mwani yaliyogeuka meupe na kulainika. Historia ilikuwa 550. Ikabaki aya moja, kwamba kilimo cha biashara kilianza 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, kwa sababu msomaji anahitaji kujua tu kwamba haya ni ya kizazi kimoja. Maelezo ya namna ya kulima yakabaki vigingi, kamba na tai-tai za kufungia mbegu, pamoja na kwamba kazi hufanywa kwa miguu maji yakitoka. Bila hilo, msomaji hataelewa kwa nini kuhamia kina kirefu ni shida. Kuanika na kufunga magunia nikakata.

Kazi kubwa ilikuwa mifano. Nilikuwa na wakulima watatu, kila mmoja maneno 300. Wa kwanza alijenga nyumba kwa fedha za mwani. Wa pili alilima aina zote mbili, kotonii yake ikafa, akajaribu kina kirefu na wenzake, akaacha kwa kuogopa maji. Wa tatu bado analima spinosamu na analalamikia bei. Nilimpenda wa kwanza kuliko wote, ni mcheshi na kauli zake zinachekesha. Lakini wa pili peke yake anaipitia hoja yote, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nikambakiza bila kumgusa, maneno yote 300, nikawatoa wenzake. Kuwagawia wote watatu maneno mia mia kungewafanya majina tu.

Ule mfano wa nyumba niliuhitaji bado, kuonyesha kwamba mwani uliwahi kulipa. Nikaupa sentensi moja: jirani yake alijenga nyumba kwa fedha hizo. Angalia usije ukamvika bi wa pili nyumba ya bi wa kwanza ili hadithi ikae vizuri. Huo ni uongo, hata kama kila kipande ni kweli.

Sehemu ya bei nayo ilinijaribu. Majibu ya mnunuzi yalikuwa marefu na ya kuchosha, kuyatoa kungeniokolea maneno 120. Ila nilikuwa nimebakiza lawama dhidi yake. Ukibakiza tuhuma, bakiza na jibu. Nikafupisha vyote viwili. Sehemu ya joto la maji ndiyo sikuigusa karibu kabisa, ndiyo inayoeleza sababu.

Nikafika 1,540, nikafurahi mapema. Nikampa dada yangu asome, yeye ambaye hakuwa ameona nakala ndefu. Akaniuliza, "Huyu 'mnunuzi huyo' ni yupi? Na tai-tai ni nini?" Nilikuwa nimefuta mahali vilipotajwa mara ya kwanza. Kwa hiyo ukimaliza kukata, tafuta kila "huyo", "hizo" na "kama tulivyoona", uhakikishe kinachorejelewa bado kipo. Mimi mwenyewe sikuviona, maana nakala ndefu ilikuwa bado kichwani mwangu.

Maneno 40 ya mwisho ndiyo pekee niliyoyatoa kwa kupunguza sentensi. Na kuanika kule nilikokata kulirudi kama maelezo chini ya picha, ambayo mhariri wangu hakuyahesabu. Muulize wako kama anayahesabu.