Wadogo zangu, isomeni barua kabla hamjaondoka dirishani

Juzi nimemwona tena mmoja wenu akitoka kwa msajili na barua ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi, ile ya kuombea mkopo benki au viza ubalozini. Mistari mitatu tu: jina, namba ya usajili, "ni mwanafunzi wetu". Anatabasamu kana kwamba kesho anahitimu. Haya, nayasema kwa mara ya mwisho. (Mwaka jana nilisema hivyohivyo.)

1. Kamilisha kwanza usajili wa muhula. Barua ya udahili inaonyesha tu kwamba ulipewa nafasi, ila benki na ubalozi wanauliza kama uko masomoni sasa hivi.

2. Mwambie karani barua inakwenda wapi. Benki itatafuta ada ya mwaka, ulicholipa na deni lililobaki. Ubalozi utatafuta jina lililo kwenye pasipoti, kama unasoma muda wote, na likizo inaanza na kuisha lini, maana wanataka kuona una masomo yanayokusubiri urudi.

3. Tarehe ya kumaliza. Hapa ndipo mnaponimaliza mimi.

Kijana mmoja alianza shahada ya miaka minne Oktoba 2022. Mwaka wa pili ulipofika aliugua, akaahirisha masomo mwaka mzima, akarudi Oktoba 2024. Oktoba 2025 akaomba barua ya mkopo. Ikaandikwa: yuko mwaka wa tatu, atamaliza Julai 2026. Aliyekuwa mwaka wa tatu Oktoba 2025 anamaliza Julai 2027, lakini mfumo ulikuwa umechukua tarehe ya kuanza ukajumlisha minne, kwa sababu kuahirisha kwake kulibaki kwenye jalada la idara na hakukuingizwa kwa msajili. Yeye aliangalia jina na muhuri tu, akaipeleka.

Benki ikahesabu kwa barua: mwaka mmoja umebaki. Ikamkubalia ada ya mwaka mmoja, na marejesho yakapangwa kuanza baada ya Julai 2026, wakati yeye atakuwa anajiandaa kwa mwaka wa nne. Alipokwenda kulalamika, ofisa wa mikopo akamwonyesha karatasi ya chuo chake mwenyewe. Ungemjibu nini? Ikabidi arudi idarani kutafuta barua ya kuahirisha, aipeleke kwa msajili, tarehe irekebishwe kwenye mfumo, barua itolewe upya, na maombi ya benki yaanze mwanzo.

Hesabu yenyewe ni ya vidole. Chukua miaka ya kozi, toa mwaka uliopo, jumlisha kwenye Julai ya mwaka huu wa masomo. Isipolingana na barua, usiondoke. Na usimwombe karani afute kwa kalamu. Barua iliyokwaruzwa inatiliwa shaka.

4. Karatasi yenye nembo, tarehe ya kutolewa, sahihi yenye jina na cheo, muhuri, na simu au baruapepe ya ofisi, kwa sababu wengine hupiga kuhakiki. Karani atakukunjia uso ukisimama pale unasoma. Mwache akunje.