Kujitoa katika udhamini wa timu bila kuisingizia kosa

Kampuni inayopungukiwa na fedha huku ikidhamini timu hushawishika kuitafutia timu hiyo kosa, ili ionekane imeondoka kwa haki. Nilikuwa msimamizi wa masoko katika kampuni ya vinywaji hapa Kampala tulipojitoa katika udhamini wa klabu moja ya mpira wa miguu, na wapo wenzangu waliotaka tutaje fujo za mashabiki wake. Nilipinga. Anayedai kwamba klabu imevunja mkataba hutakiwa kuthibitisha, na mikataba mingi humpa anayelaumiwa muda wa kurekebisha kosa kwanza. Isitoshe, mdhamini mwingine akisikia habari za fujo ataiogopa klabu hiyo.

Sababu yetu ilikuwa kushuka kwa mauzo. Hata hivyo, ukweli huo peke yake haumfungulii mdhamini mlango, kwani kwa kawaida biashara kuwa mbaya haihesabiwi pamoja na majanga yasiyozuilika kama vita au mafuriko. Kwa hiyo barua itaje kwanza kipengele kinachokupa haki ya kuondoka, kisha ndipo ieleze sababu. Yetu ilisema: "Tunatumia haki yetu ya kusitisha mkataba kwa notisi ya siku 90. Mauzo yetu yamepungua na hatutaweza kugharamia msimu ujao. Uamuzi huu hautokani na kosa lolote la klabu." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyomfaa zaidi mwenyekiti wa klabu, kwa kuwa aliweza kuwaonyesha wadhamini wengine.

Kabla ya barua, mkurugenzi wetu na mimi tulimwendea mwenyekiti ofisini kwake. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Bwana mkurugenzi, afadhali mmeniambia ligi haijaisha."

Barua ilipokelewa mwanzoni mwa Machi, na katibu wa klabu akagonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala yetu, maana siku 90 zilianza kuhesabiwa hapo. Awamu ya mwisho ya malipo, shilingi milioni 10, iliangukia Aprili. Mhasibu wetu alipendekeza tuizuie. Lakini mkataba huendelea kuwa hai hadi notisi iishe, na kuzuia fedha hizo kungetugeuza sisi kuwa wavunjaji wa mkataba. Tulilipa, na nembo yetu ikabaki kwenye jezi hadi mechi ya mwisho.

Kuna kipengele kimoja ambacho wengi hukisahau. Mkataba uliikataza klabu kuchukua mdhamini mwingine wa vinywaji. Tuliiondolea katazo hilo kwa maandishi siku ileile barua ilipopokelewa, ili ianze mazungumzo mapema bila kungoja notisi iishe.

Ikiwa mkataba wako hauna kipengele cha kuondoka, notisi pekee haitoshi. Itakubidi uombe makubaliano ya kuuvunja, yatiwe saini na pande zote mbili, na ujiandae kulipa sehemu ya fedha za msimu unaoukimbia.