Hadubini ya mwanga na hadubini mbili za elektroni: figo moja, picha tatu

"Wakuu, hadubini ya mwanga, TEM na SEM zinatofautiana nini hasa? Ni suala la kukuza zaidi tu, au kila moja inaonyesha kitu ambacho nyingine haiwezi?"

Nimefanya kazi katika maabara ya tishu kwa miaka mingi, kwanza upande wa hadubini ya mwanga na baadaye upande wa elektroni. Ningekushauri uanze kwa kuuweka ukuzaji kando, kwa sababu picha yoyote unaweza kuikuza upendavyo, hata kwa kuivuta kwenye skrini. Kinachotakiwa ni uwezo wa kutenganisha, yaani umbali mdogo kabisa ambao nukta mbili zinaweza kukaribiana na bado zikaonekana kuwa mbili. Nitaeleza kwa kutumia figo, kwa sababu kuna ugonjwa mmoja wa figo unaozitofautisha hadubini hizi vizuri kuliko maelezo yoyote ya jumla.

Mtoto amevimba uso na miguu, na mkojo wake umejaa protini. Daktari anachukua kipande chembamba cha figo kwa sindano, nacho hugawanywa papo hapo: sehemu kubwa inaingia kwenye formalini kwa ajili ya hadubini ya mwanga, na vipande vidogo vya kama milimita moja vinaingia kwenye glutaraldehidi kwa ajili ya elektroni. Mgawanyo huo lazima uamuliwe mapema, kwani tishu iliyokwisha kugandishwa kwenye parafini inaweza kurudishwa upande wa elektroni, lakini utando wake huwa umeharibika kiasi.

Sehemu ya formalini hukatwa vipande vya unene wa maikromita 2 hadi 3, hupakwa rangi, na mwanga hupita ndani yake hadi kwenye jicho. Hapa tunaona vichujio vya figo vyote vilivyoangukia kwenye kipande, pengine kumi au ishirini, pamoja na mirija na mishipa ya damu, vyote kwa rangi zinazotofautisha kiini cha seli na vitu vingine. Katika ugonjwa ninaouzungumzia, vichujio hivyo huonekana vizima kabisa. Mtoto anapoteza protini nyingi, na kioo kinasema hakuna tatizo.

Sababu ni mwanga wenyewe. Mwaka 1873 Ernst Abbe alionyesha kuwa kikomo cha utenganishaji, d, hutegemea urefu wa wimbi la mwanga, λ, na uwezo wa lenzi wa kukusanya miale, NA:

```
d = λ / (2 × NA)
```

Chukua mwanga wa kijani wa nanomita 550 na lenzi bora ya mafuta yenye NA ya 1.4, utapata takriban nanomita 200. Vitu viwili vilivyokaribiana kuliko hapo huonekana kama kitu kimoja, hata lenzi ikiwa safi kiasi gani. Sasa, ukuta wa kichujio cha figo umefunikwa na seli ziitwazo podositi, zenye vijiguu vinavyopishana, na mwanya kati ya kijiguu na kijiguu ni kama nanomita 40. Mwanya huo uko nje ya uwezo wa mwanga, na ndipo ugonjwa ulipo.

Hadubini ya elektroni ya kupenyeza, yaani TEM, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliijenga ya kwanza mwaka 1931, hutumia elektroni badala ya mwanga. Zikisukumwa kwa kilovolti 100, wimbi lake ni sehemu ndogo mno ya nanomita moja, hivyo wimbi si kikwazo tena. Kikwazo kinahamia kwenye lenzi za sumaku na hasa kwenye sampuli. Elektroni hazipenyi kitu kinene. Tishu lazima igandishwe kwenye resini ngumu na kukatwa kwa kisu cha almasi hadi unene wa nanomita 60 hadi 90. Unene huo hatuupimi kwa rula: vipande huelea juu ya maji nyuma ya kisu, na tunautambua kwa rangi ya mng'ao wake. Chenye rangi ya fedha kinafaa. Kikianza kuwa zambarau au buluu ni kinene mno.

Picha inayopatikana haina rangi. Weusi wake unatokana na metali nzito tulizozipaka, yaani osimiamu, urani na risasi, ambazo hutawanya elektroni na kuacha kivuli. Hapo ndipo mitego ilipo. Risasi ikikutana na hewa ukaa huunda vipunje vyeusi vya mviringo, na mgeni anaweza kuvidhania kuwa virusi au amana za ugonjwa. Namna ya kuvitambua ni kutazama sehemu ya resini tupu isiyo na tishu. Vikiwepo na huko pia, ni uchafu wa rangi. Ndiyo maana tunaweka vidonge vya hidroksidi ya sodiamu ndani ya sahani wakati wa kupaka, ili vinyonye hewa hiyo.

Katika figo ya yule mtoto, picha hii inaonyesha wazi kwamba vijiguu vimetoweka: badala ya safu ya vinundu vyenye mianya, kuna utando mmoja uliolala bapa juu ya ukuta. Maelezo ya protini kwenye mkojo yamepatikana.

Hata hivyo, usiitupe hadubini ya mwanga. Kipande cha elektroni hubeba kichujio kimoja au viwili tu, na pengine hakina hata kimoja. Kwa hiyo kwanza tunakata kipande cha maikromita moja, tunakipaka toluidini buluu na kukitazama kwa mwanga ili kujua pa kukata. Tena, kuna ugonjwa mwingine ambao pia hulaza vijiguu, lakini huacha makovu kwenye baadhi ya vichujio tu. Makovu hayo hukamatwa na mwanga, kwa sababu wenyewe unatazama vichujio vingi kwa mara moja. Anayesoma picha ya elektroni peke yake anaweza kuuchanganya ugonjwa huo na ule wa kwanza, ilhali matibabu na mwelekeo wake hutofautiana.

Hadubini ya elektroni ya kuskani, yaani SEM, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Mwale mwembamba hupita mstari kwa mstari juu ya sampuli nzima isiyokatwa, na kila nukta hutoa elektroni dhaifu kutoka nanomita chache za juu tu. Kompyuta huhesabu elektroni hizo na kuunda picha. Utenganishaji wake kwa sampuli za kibaiolojia kwa kawaida ni wa nanomita chache, lakini inachotoa ni umbo la uso. Podositi inaonekana kwa juu kama pweza aliyekumbatia mshipa, vijiguu vyake vikipishana na vya jirani, jambo ambalo kipande chembamba hakiwezi kukuonyesha. Kwa uchunguzi wa mgonjwa hatuitumii kwa kawaida. Ni ya utafiti zaidi.

Sampuli yake hukaushwa kwa kabonidayoksaidi iliyopitishwa kwenye joto na shinikizo linalozuia uso wa maji kuikunja tishu, kisha hupakwa dhahabu nyembamba. Mpako ukiwa na mapengo, chaji hujikusanya, na utaona mistari myeupe ikikatiza picha au kingo ziking'aa isivyo kawaida. Kupunguza kilovolti husaidia. Kama haikutosha, sampuli irudishwe ipakwe tena. Na ukitaka kuona ndani ya seli kwa hadubini hii, itakubidi uivunje kwanza ikiwa imegandishwa kwa baridi kali, kisha utazame uso wa mpasuko.