Kabla ya kwenda Mumbai, chagua filamu ya mtu anayepanda treni

Hapa Tanga ukimwambia mtu kwamba unakwenda Mumbai, atakuimbia kibwagizo kabla hajakuuliza unafuata nini. Tumelelewa na picha za Kihindi. Shangazi yangu wa Makorora, niliyemsindikiza huko kwa matibabu ya goti, alikataa katakata kufundishwa. "Bombei naijua tangu sijaolewa, mwanangu," akaniambia. Kweli anaijua, ila anayoijua ni Bombei ya steringi: jumba la ngazi mbili, bustani ya kuchezea, na jambazi anayetiwa mbaroni bandarini. Swali letu sisi lilikuwa tupange chumba mtaa gani, na asubuhi tutafikaje hospitali.

Swali la namna hiyo ndilo linalochagua filamu. Kwa hiyo mimi hutazama kwanza mhusika mkuu anafikaje kazini. Akishuka kwenye gari jeusi mbele ya jengo la vioo, itazame kwa starehe tu. Akisimama stesheni na umati, akagombea mlango, akarudi nyumbani giza limeingia, hapo kuna cha kujifunza.

Jambo la pili ni kuhakikisha kamera ilikuwa mji huohuo. Watu wengi bado wanalikumbuka lile kasri la familia tajiri katika Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001. Kwenye hadithi liko Delhi, lakini nyumba inayoonekana kwa nje ni Waddesdon Manor, na iko Uingereza. Kwa filamu za Mumbai kuna mtego mwingine: kitongoji cha Goregaon kina eneo kubwa la studio liitwalo Film City, ambako mtaa mzima unaweza kujengwa kwa mbao na rangi. Kwenye ukurasa wa filamu katika tovuti ya IMDb kuna sehemu iitwayo "Filming locations", yaani mahali picha zilipopigwa, anzia hapo. Kisha tazama magari yanayopita nyuma ya waigizaji. Namba za Mumbai huanza na MH 01, MH 02, MH 03 au MH 47, na za Delhi huanza na DL. Gari la steringi linaweza kubandikwa namba yoyote, lakini teksi iliyokatiza nyuma kwa bahati haidanganyi.

Bajaji nazo ni ushahidi mzuri. Haziruhusiwi kuingia Mumbai ya kusini. Upande wa magharibi mwisho wake ni Bandra, na upande wa pili ni Sion. Ukiona mtaa umejaa bajaji, ujue uko vitongoji vya kaskazini. Ukiona teksi nyeusi na njano peke yake, huenda uko kusini. Hili si la kujifurahisha tu. Ukipanga chumba kusini ukidhani utazunguka kwa bajaji kama unavyozunguka Ngamiani, hesabu ya nauli itakuharibikia.

Sisi tuliichagua The Lunchbox ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Ritesh Batra. Mama wa nyumbani anampikia mumewe chakula cha mchana, anakikabidhi kwa dabawala, yaani wale wachukuzi wanaokusanya vyombo vya chakula majumbani na kuvipeleka maofisini, nacho kinafika kwa mtu mwingine: karani wa uhasibu anayekaribia kustaafu, aliyeigizwa na Irrfan Khan. Mara ya kwanza tuliitazama kwa ajili ya hadithi, maana hadithi ikikushika hutaona kitu kingine hata ukijilazimisha.

Mara ya pili nilishika simu yenye ramani mkononi na kukifuata kile chombo. Kinatoka jikoni, kinapakiwa kwenye baiskeli, kinaingia kwenye behewa la mizigo, kinashushwa mjini, kinasukumwa kwa mkokoteni mpaka mezani ofisini. Kila mahali nilisimamisha picha na kujiuliza chombo kiko upande gani wa mji. Ukifanya hivyo umbo la Mumbai linakukaa kichwani: mji mrefu, mwembamba, umezungukwa na maji, watu wengi wakiishi kaskazini na maofisi mengi ya zamani yakiwa kusini. Ndiyo maana asubuhi umati unateremka kusini, na jioni unapanda kaskazini. Stesheni kubwa mbili za mwisho kusini ni Churchgate, kwa njia ya magharibi, na Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, kwa njia ya kati.

Kuna mahali kijana mmoja wa ofisini anakatakata mboga ndani ya treni akirudi nyumbani. Watazamaji hucheka. Mimi niliona muda: mtu anayeandalia mboga safarini ana safari ndefu, na anaifanya kila siku. Na yule karani, mtu mzima anayekaribia kustaafu, anasimama amebanwa na wenzake. Nilimrudishia shangazi kipande hicho, nikamwambia afikirie goti lake pale mlangoni, treni ikisimama kwa muda mfupi na watu wakishuka na kupanda kwa pamoja. Alikitazama kimya, kisha akauliza kama hakuna behewa la wanawake. Lipo, nalo asubuhi hujaa vilevile.

Basi chumba cha bei nafuu kilichokuwa mbali kaskazini tukakiacha. Tulichukua kidogo zaidi, ghali zaidi, jirani na hospitali, kiasi cha kwenda kwa teksi bila kugusa treni saa za kazini. Treni tulipanda mchana tu, umati ulipopungua, tena tukielekea upande ambao wengi hawaendi.

Angalia pia umri wa filamu. Zile teksi za zamani aina ya Premier Padmini, zilizoonekana katika karibu kila picha ya Bombei, ziliondolewa barabarani mwaka 2023. Daraja refu la baharini kati ya Bandra na Worli lilifunguliwa mwaka 2009, kwa hiyo filamu ya kabla ya hapo haikuonyeshi njia hiyo kabisa. Filamu ya zamani inafaa kukujulisha umbo la mji, lakini usiitegemee kwa usafiri.

Na msimu? Mvua za Mumbai hunyesha Juni hadi Septemba, na zinaweza kusimamisha treni. Kwa anayekwenda miezi hiyo ningempa All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, iliyopata tuzo ya Grand Prix kule Cannes mwaka 2024. Inawahusu wauguzi waliohamia Mumbai kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India wanakozungumza Kimalayalamu, na sehemu kubwa ya mwanzo ni usiku, mvua, treni na vyumba vya kubanana. Inafaa kwa anayekwenda kutibiwa kwa sababu utasikia wahudumu wakizungumza Kimalayalamu wao kwa wao, na Kihindi au Kimarathi na wengine. Maneno machache ya Kihindi uliyookota kwenye nyimbo hayatakufikisha mbali wodini. Nusu ya pili inahamia kijiji cha pwani, hiyo si ya safari yako. Ina pia onyesho la faragha la wapenzi, kwa hiyo itazame kwanza peke yako kabla hujamkalisha shangazi sebuleni.

Bei, foleni ya vipimo na karatasi zinazotakiwa mapokezi hutaviona kwenye filamu yoyote kati ya hizi. Hayo tuliyapata kwa jirani wa Chumbageni aliyekuwa amerudi kutoka hospitali ileile, na alituandikia kwenye karatasi moja, mbele na nyuma.